Namna ya kuchagua kitenzi cha mwendo katika masimulizi: kutoka kutembea hadi kutimka

Katika miswada ya hadithi fupi ninayopewa niisome, kuna kasoro moja ambayo hujirudia kuliko nyingine zote: wahusika wote wanatembea. Mwizi anatembea polepole kuelekea dirishani, bibi anatembea kwa shida kwenda kisimani, bwana harusi anatembea kwa furaha, na mtoto anayefukuzwa na mbwa anatembea haraka sana. Mwandishi aliona miendo minne tofauti kabisa akilini mwake, lakini kwenye karatasi ameweka kitenzi kimoja, kisha akakiegemeza kwenye vielezi ili kisianguke. Hatua zinazofuata ndizo ninazozitumia mwenyewe ninapohariri vifungu vya namna hiyo. Sitaorodhesha vitenzi vyote vya mwendo, kwa kuwa ni vingi mno na orodha haimfundishi mtu kuchagua. Nitashika vichache na kueleza kila kimoja kinadai nini kabla hakijakubali kuingia katika sentensi.

Hatua ya kwanza: pima uzito wa "kutembea" na "kwenda"

Kutembea na kwenda si kitu kimoja, na anayevichanganya hupoteza zana mbili kwa mpigo. Mtu akisema, "Jana nilikwenda kutembea kwa shangazi," haelezi habari za miguu yake. Huenda alipanda daladala kutoka mlangoni hadi mlangoni. Anaeleza kwamba alikwenda kumjulia hali shangazi, akanywa chai, akaongea, akarudi. Ndiyo maana tukapata kutembelea na matembezi, na ndiyo maana wahenga walisema mtembezi hula miguu yake, wakimkusudia mtu anayezunguka bila faida na sio msafiri mwenye shughuli. Kitenzi hiki kina utulivu ndani yake. Kinamfaa mtu ambaye mwendo wenyewe ndio shughuli yake kwa wakati huo: wazee wanaotembea ufukweni jioni, mgonjwa aliyeambiwa atembee kidogo kila asubuhi, au mwanamke aliyetembea kilomita kumi na mbili kufuata maji, ambapo umbali wa miguu ndio habari yenyewe.

Kama habari ni mahali anapokwenda mhusika, basi kwenda kunatosha, na ukihitaji kutaja miguu unaongeza "kwa miguu". "Alikwenda hospitali kwa miguu" inamwacha msomaji afikirie hospitali na sababu ya kwenda huko. "Alitembea hospitali" inamfanya aone mtu anayezunguka wodini. Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka utakapoikuta katika ukurasa wa kilio.

Kuna tahadhari moja hapa ambayo wageni wa lugha hujifunza kwa aibu. "Kutembea na mtu" kuna maana ya kuwa na uhusiano wa kimapenzi naye, na mara nyingi uhusiano wa siri. Ukiandika kwamba mwalimu alikuwa anatembea na mama wa mwanafunzi, umeshaanzisha hadithi nyingine ambayo hukuipanga. Andika kwamba waliongozana, au walifuatana, au mmoja alimsindikiza mwenzake. Kusindikiza kuna adabu yake pia, kwa sababu kunamtaja mwenyeji anayemtoa mgeni hatua kadhaa kabla ya kuagana naye njiani.

Hatua ya pili: uangalie mwili kabla ya kuangalia kasi

Waandishi wengi huanza kwa kujiuliza kama mhusika anakwenda upesi au polepole. Swali hilo huja baadaye. La kwanza ni hili: ni sehemu gani ya mwili inayogusa ardhi, na inagusaje? Kiswahili hugawa miendo kwa mwili kwanza, na kasi huifuata.

Mfano ulio wazi ni kutambaa. Nimekutana mara nyingi na sentensi kama "mzee alitambaa kuelekea msikitini", ambayo mwandishi wake alitaka tu kusema kwamba mzee alikwenda taratibu. Alichokisema ni kwamba mzee alikwenda msikitini kwa tumbo au kwa magoti na mikono. Kutambaa ni habari ya mkao: mtoto mchanga hutambaa, nyoka hutambaa, mboga ya maboga hutambaa, na moshi hutambaa chini ya mlango. Kasi haimo kabisa. Niliwahi kumtazama mtoto wa miezi minane juu ya mkeka, akiwa ameelekea jiko la mkaa lililokuwa limewekwa kibarazani. Alitambaa upesi kuliko mama yake alivyoinuka, na kama si dada yake aliyekuwa karibu, mkono ungefika kwenye makaa. Kwa mtu mzima, kutambaa kunahitaji sababu ambayo msomaji anaiona: jeraha, uvungu wa kitanda, ua wa miba, risasi zinazopita juu. Ukikitumia bila sababu hiyo, msomaji atamwona mzee wako amelala chini na hataelewa kwa nini.

Kunyata nako ni kwa mwili, ila hapa mwili unatawaliwa na sikio. Anayenyata huweka wayo taratibu, mara nyingi kwa ncha za vidole, ili asisikike. Hali ya moyo haimo ndani ya kitenzi chenyewe: mwizi hunyata, na mama anayetoka chumbani baada ya mtoto kulala hunyata vilevile. Ukitaka hatari, chukua kunyemelea. Kitenzi hicho hudai mtendwa; paka humnyemelea panya, askari huinyemelea kambi, na hata ugonjwa humnyemelea mtu. Kwa hiyo "alinyata sebuleni" inatuonyesha mtu anayejali ukimya, lakini "alimnyemelea babu yake sebuleni" inatuambia kwamba babu ni windo. Mwandishi anayebadilisha kimoja kwa kingine kwa ajili ya kuepuka kurudia neno anabadilisha hadithi.

Kundi linalonigusa zaidi ni la vitenzi vyenye "ji", yaani kujikongoja, kujikokota na kujivuta. Hapa mtu anakuwa mbebaji na mzigo kwa wakati mmoja. Kujikongoja kuna undugu na mkongojo, fimbo ya mzee, na kinafaa kwa mwili ulioishiwa nguvu: mzee, mgonjwa, aliyetoka kitandani baada ya homa ndefu. Kujikokota kunatokana na kukokota, kazi ya mtu anayevuta mkokoteni, na hapa udhaifu wa mwili si sharti. Kijana mwenye afya kamili anaweza kujikokota kwenda shuleni siku anayojua kwamba atachapwa, kwa kuwa kilicho kizito ni moyo. Kijana huyo hawezi kujikongoja mpaka augue. Ukiikumbuka tofauti hii moja, utaweza kuonyesha huzuni kwa kitenzi kitupu, bila kuandika neno huzuni mahali popote.

Kuchechemea na kupepesuka havihitaji maelezo marefu. Cha kwanza ni cha mguu mmoja wenye kasoro au maumivu. Cha pili ni cha mwili uliopoteza mizani, iwe kwa ulevi, kwa njaa au kwa pigo.

Hatua ya tatu: tafuta kilichomsukuma

Baada ya mwili, uliza nini kimemfanya aanze kwenda. Hili ndilo swali linaloamua kama unaweza kutumia kutimka.

Kutimka ni ndugu wa kutimua. Mtu hutimua vumbi, na vumbi hutimka. Mwenye shamba huwatimua ngedere, na ngedere hutimka. Hata nywele zilizosimama ovyo husemwa kwamba zimetimka. Katika mifano yote kuna kitu kilichokuwa kimetulia, kikavurugwa ghafla. Ndiyo maana kutimka hudai kichocheo: kelele, filimbi ya polisi, jina lililoitwa, habari mbaya. Mhusika aliyeamka asubuhi, akaoga, akavaa raba na kuanza mazoezi yake hatimki, anakimbia. Vilevile kutimka ni kitenzi cha mwanzo wa mbio, hakistahimili muda mrefu. "Alitimka kwa saa mbili" inagongana yenyewe kwa yenyewe, na "alitimka haraka" inarudia jambo ambalo kitenzi kimeshalisema. Ukiona kielezi cha kasi pembeni ya kutimka, kifute uone kama sentensi itapungukiwa na chochote. Haitapungukiwa.

Magazeti ya michezo yamekipa kitenzi hiki kazi nyingine, ya mchezaji anayetimkia klabu mpya. Ni matumizi yenye nguvu kwa kichwa cha habari, lakini katika masimulizi ya kawaida huleta harufu ya ukurasa wa mwisho wa gazeti, kwa hiyo mimi huyaacha huko. Kutoka nduki na kusepa pia ni maneno hai ya mtaani, na mahali pake pazuri ni katika mazungumzo ya wahusika. Msimulizi mwenye lugha ya utulivu akiyatumia, msomaji huhisi kwamba mtu mwingine ameingia kati kusimulia.

Hapa ndipo pia penye mtego wa kukimbia. "Alimkimbia mama yake" maana yake alimwepuka, alitoroka asikutane naye. "Alimkimbilia mama yake" maana yake alikwenda mbio kwake, kutafuta kinga au kumpokea. Silabi moja inageuza woga kuwa mapenzi. Nimewahi kuhariri kifungu ambacho mtoto aliyepotea siku tatu anamwona mama yake kituoni, na mwandishi akaandika kwamba alimkimbia. Kurasa mbili zilizofuata zilijaa machozi ya furaha ambayo, kwa mujibu wa sentensi ile, hayakuwa na asili.

Hatua ya nne: amua nani anayemhukumu mhusika

Vitenzi vingine vya mwendo havitofautiani kwa miguu wala kwa kasi. Vinatofautiana kwa jicho la anayetazama. Mchukue kijana anayepita mitaani mchana kutwa bila kuingia mahali. Ukiandika kwamba anavinjari, umemvisha nguo nzuri na kumpa muda wake, anafurahia mji. Ukiandika kwamba anazurura, umesimama upande wa jirani anayemkunjia uso, au wa askari, kwa maana uzururaji ni neno ambalo watu wamekamatwa kwalo. Ukiandika kwamba anatangatanga, umemwonea huruma: hana pa kwenda, au anapo lakini hapajui. Kuranda kuko katikati, na ukikirudufisha kuwa kurandaranda kinaanza kuegemea upande wa kutokuwa na kazi.

Hakuna kimojawapo kilicho sahihi kuliko vingine. Cha kuangalia ni kama hukumu hiyo ni ya msimulizi, ya mhusika mwenyewe, au ya mtu wa tatu. Katika hadithi inayosimuliwa na kijana huyo mwenyewe, "nilizurura" ni kauli ya kujilaumu, nayo inafaa tu kama kweli anajilaumu. Kama baba yake ndiye anayemlaumu, mwachie baba alitamke neno hilo kwa kinywa chake, na wewe msimulizi ubaki na "nilipita mitaani".

Hatua ya tano: mwelekeo kwanza, namna baadaye

Tatizo la mwisho ni la muundo wa sentensi, na huwapata zaidi wale wanaosoma sana kwa lugha za kigeni kabla ya kuandika kwa Kiswahili. Lugha hizo hupenda kuuweka mwelekeo na namna ya mwendo katika kitenzi kimoja pamoja na kihusishi. Kiswahili kina hazina ya vitenzi ambavyo vimeshabeba mwelekeo ndani yake: kuingia, kutoka, kupanda, kushuka, kuvuka, kupita, kurudi, kufika. Hivyo ndivyo huongoza sentensi, na kitenzi cha namna hufuata kikiwa na "ki".

Kwa hiyo badala ya "alichechemea ndani ya chumba", ambayo inaweza kueleweka kwamba alikuwa humo tangu mwanzo akizunguka na mguu wake mbovu, tunasema "aliingia chumbani akichechemea". Badala ya "alipepesuka nje ya baa", tunasema "alitoka baa akipepesuka". Masikio ya msomaji hupokea kwanza mahali mhusika alipofika, kisha hupewa picha ya namna alivyofika, na picha hiyo ndiyo hubaki. Ukitaka namna itangulie kwa sababu ndiyo yenye uzito, unaweza kuanza nayo na kuongeza "hadi": "alijikongoja hadi mlangoni". Hiyo inakubalika, lakini iwe ni kwa kusudi.

Katika hatua hii hii hesabu vitenzi vyako vyenye rangi. Aya moja yenye kunyata, kujikokota, kupepesuka na kutimka humchosha msomaji, kwa sababu kila kimoja kinamtaka aanze kuuona mwili upya. Mimi huvitenganisha kwa vitenzi vya kawaida, yaani akaenda, akapita, akafika, ili kile chenye rangi kipate nafasi ya kusikika.

Mazoezi yaliyonifundisha jambo hili niliyafanya kwenye kivuko cha Magogoni, Dar es Salaam, upande wa mjini. Pantoni linapotia nanga na geti kufunguliwa, watu mamia hutoka kwa pamoja, na mtu mwenye daftari anaweza kusimama pembeni akiandika kitenzi kimoja tu kwa kila anayemwona. Mchuuzi mwenye ndoo tupu anayewahi soko la samaki la Feri amekaza mwendo. Mwanafunzi aliyechelewa anachomoka katikati ya watu. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi anajivuta. Nilipoyasoma maandishi yangu jioni nilikuta kwamba wengi mno nilikuwa nimewaandikia "anapita" tu, na ilikuwa haki yao. Wale wachache wenye kitenzi cha pekee ndio nilioweza kuwakumbuka sura.

Mfano mmoja, kutoka rasimu hadi mwisho

Hebu tuchukue rasimu hii, ambayo nimeitunga kwa makusudi kwa mtindo wa kitenzi kimoja. Mahali ni Ngamiani, mjini Tanga, ambako mitaa huitwa kwa namba za barabara.

"Kijana alikuwa anatembea sokoni. Alipopigiwa simu kwamba mama yake amezidiwa, alitembea haraka sana kuelekea nyumbani. Alipochoka alitembea kawaida. Alipokaribia nyumbani alitembea polepole kwa huzuni. Alitembea ndani taratibu, kisha akatembea hadi kwa baba yake na kukaa."

Sentensi ya kwanza inataka utulivu ambao utavunjwa, na kijana hana kosa lolote, kwa hiyo kuzurura hakufai. Kuvinjari kunafaa, maana kunampa furaha ambayo anakaribia kuipoteza. Simu ni kichocheo cha ghafla, na kutimka kunapata haki yake. Lakini kutimka hakuwezi kumfikisha nyumbani, kwa sababu ni cha mwanzo tu, kwa hiyo barabara zenyewe zitaonyesha umbali na pumzi itamlazimisha apunguze. Hapo "alitembea kawaida" ni kosa la maana, kwani hakuna ukawaida wowote katika hali ile, amekaza mwendo. Karibu na nyumba nguvu anazo bado, lakini ameona kitu. Ni kujikokota, sio kujikongoja. Na neno huzuni halihitajiki tena.

"Alikuwa akivinjari sokoni, akisimama kwa wauza mitumba bila nia ya kununua, simu ilipoita. Alisikiliza maneno machache kisha akatimka, simu ikiwa bado mkononi. Akavuka barabara ya nane, ya tisa, ya kumi, watu wakimpisha. Kwenye barabara ya kumi na mbili pumzi zilimwishia, akakaza mwendo huku mkono mmoja ameushika ubavu. Alipokunja kona aliona viti vya plastiki vimepangwa nje ya nyumba yao, na wanaume wawili wakifunga kamba za turubai. Hapo akaanza kujikokota. Aliingia uani akinyata, kama kwamba kulikuwa na mtu amelala. Akaenda akakaa karibu na baba yake."

Kunyata pale uani ndiko nilikokufikiria kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Nilikuwa nimeandika kwanza kwamba aliingia akipepesuka, na sentensi ilikuwa sahihi kisarufi, lakini ilipiga kelele. Ilimfanya kijana awe mtu wa kutazamwa. Anayenyata anamfikiria mwingine. Mwanawe huyu bado anachunga usingizi wa mama yake, na hiyo ndiyo namna pekee aliyobaki nayo ya kukataa alichokiona nje. Katika sentensi ya mwisho nilijaribu akajivuta, nikajaribu akasogea, kisha nikarudi kwenye akaenda, kwa kuwa baada ya kunyata hakuna tena mwendo wa kuonyesha na msomaji anatakiwa amtazame baba.